Winga, nyama za nyuma ya paja na saa isiyodanganya

*Shikamoo daktari. Mimi ni winga wa kulia, nina miaka 22, nachezea timu ya Championship hapa Dar na naishi Temeke. Mwezi wa kumi niliumia nyama za nyuma ya paja la kulia, nikapumzika siku 18 mpaka maumivu yakaisha kabisa, nikarudi. Mechi ya tatu, dakika ya 61, nafukuza mpira mrefu, ikashika tena palepale. Leo ni siku ya tano. Mama ananikanda kwa maji ya moto na kunichua, rafiki yangu anasema nikakimbie kwenye mchanga Coco Beach, na kocha ananihitaji. Kwa nini imerudi wakati sikuwa na maumivu hata kidogo? Na nifanyeje nifike mwezi wa tano bila kuumia tena?*

Marahaba, mdogo wangu. Maumivu yaliisha kwa sababu katika siku zile 18 hukuwahi kukimbia kwa kasi yako yote. Hukuwa na maumivu kwa kutembea, kupanda daladala na kukimbia polepole kuzunguka uwanja, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachougusa msuli pale ulipochanikia.

Ukiwa kwenye kasi kamili, mguu ulio hewani unarushwa mbele, goti linakunjuka, na kabla tu unyayo haujagusa ardhi, nyama za nyuma ya paja zinalazimika kuukamata mguu huo usipitilize. Ni kazi ya breki, na zinaifanya huku zenyewe zikivutwa kuwa ndefu. Hapo ndipo winga wengi wanapochanika. Nyuma ya paja kuna misuli mitatu, na unaoumia mara nyingi zaidi kwenye mbio ni ule wa upande wa nje wenye vichwa viwili.

Mzigo wa breki hiyo haupandi sawasawa na mwendo. Nguvu iliyomo kwenye mguu unaorushwa hukua kwa mraba wa kasi yake. Ukitoka asilimia 80 ya kasi yako kwenda 100, mwendo umeongezeka kwa robo, lakini nguvu ambayo msuli unatakiwa kuizuia imeongezeka kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo mchezaji anaweza kufanya mazoezi yote ya timu kwa asilimia 80 bila kusikia chochote, kisha mpira mrefu mmoja ukamdai kitu ambacho msuli haujakifanya kwa mwezi mzima. Wewe ulidaiwa hivyo dakika ya 61.

Kabla ya kukupa kazi, nataka ujikague. Kama ulisikia mlio kama kamba imekatika, kama mpaka leo huwezi kutembea bila kuchechemea sana, kama damu imevilia chini ya ngozi mpaka karibu na goti, au ukipapasa karibu na mfupa wa kukalia unahisi shimo, usifanye lolote kati ya nitakayoyasema. Nenda ukaonwe na daktari wa mifupa, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili au kwingine, kwa sababu kano huenda imeng'oka kwenye mfupa na hilo ni jambo jingine kabisa. Vilevile kama unasikia ganzi au kama umeme unashuka mpaka kwenye unyayo, au maumivu yanaongezeka ukikaa umeinamisha kichwa na kunyoosha goti, mgongo nao uangaliwe. Nimeona vijana wakitibiwa paja miezi miwili kumbe tatizo ni mshipa wa fahamu unaobanwa kiunoni.

Mama umwambie kwa heshima aache kuchua sehemu yenyewe kwa sasa. Mkono wake una nia njema, lakini kidole gumba kikikandamiza nyuzi zilizochanika katika siku za mwanzo kinaweza kuzivujisha damu upya, na maji ya moto nayo yanaongeza damu mahali penye uvimbe. Baada ya wiki mbili, uvimbe ukiwa umekwisha, akukande atakavyo, ila ujue kwamba kukandwa kunakupa nafuu tu na hakuujengi msuli.

Kitu cha pili ambacho watu wengi hukosea ni kusubiri. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Denmark kwa wanamichezo wa ridhaa waliochanika misuli ya paja au ya ndama ya mguu. Walioanza mazoezi ya tiba siku 2 baada ya kuumia walirudi michezoni baada ya takribani siku 62, na walioanza siku ya 9 walichukua siku 83. Hakuna aliyepewa dawa ya ajabu. Tofauti ilikuwa siku 7 tu za kuanza, na mwishoni zikawa siku 21. Wewe uko siku ya tano, kwa hiyo anza leo jioni.

Anza na daraja. Lala chali, visigino chini, magoti yamekunjwa, inua kiuno, kaa sekunde tano, shuka. Fanya mara 8, pumzika, rudia mara tatu. Kila siku mbili sogeza visigino mbele kidogo mpaka magoti yawe karibu kunyooka, maana kadiri mguu unavyonyooka ndivyo msuli unavyofanya kazi ukiwa mrefu, na urefu huo ndio tunaoutafuta. Ukiweza kufanya hivyo kwa miguu yote miwili, fanya kwa mguu mmoja. Baada ya hapo vaa soksi au weka taulo chini ya visigino kwenye sakafu ya vigae, inua kiuno, kisha viache visigino viteleze taratibu kwenda mbele kwa hesabu ya nne. Siku ya kwanza utashangaa jinsi mguu wa kulia unavyotetemeka. Ongeza na zoezi la kusimama mguu mmoja na kuinama mbele mgongo ukiwa umenyooka, mguu mwingine ukienda nyuma, kama mtu anayeokota sarafu bila kukunja goti sana.

Kuhusu maumivu, usisubiri yafike sifuri ndipo ufanye kazi. Yapime kwa kumi. Tatu, hata nne, wakati wa zoezi ni sawa, mradi yawe yameshuka ukimaliza na asubuhi uamke kama ulivyolala. Ukiamka umekaza zaidi ya jana, rudi hatua moja, usiache kabisa.

Sasa tufike kwenye mbio, ambako ndiko ulikopotea mara ya kwanza. Mchanga wa Coco Beach siukatai kwa mapafu wala kwa ndama za miguu. Lakini kwenye mchanga unyayo unazama, unakaa chini muda mrefu, na huwezi kuifikia kasi unayoifikia kwenye nyasi. Ile breki ya hewani haiitwi ipasavyo. Mtu anaweza kutoka jasho ufukweni wiki nne akajiona yuko tayari, na msuli wake haujaguswa kasi hata siku moja. Tafuta uwanja wa nyasi, wa shule au wa mtaa, usiwe na mashimo, na uende alfajiri kabla jua halijawa kali.

Ukishaweza kutembea haraka dakika 20 bila kuchechemea na kuinua daraja la mguu mmoja bila hofu, anza kukimbia. Weka alama nne, kila mita 20. Mita 20 za kwanza unaongeza mwendo, 20 za katikati unaushikilia, 20 za mwisho unapunguza taratibu. Usisimame ghafla, maana kusimama ghafla nako ni breki. Fanya mara 6 hadi 8, rudi kwa kutembea, siku moja mbio na siku inayofuata mazoezi ya nguvu.

Mwendo wa mita 20 za katikati usiupime kwa hisia. Mwombe mtu aweke simu pembeni, usawa wa katikati ya mita hizo, arekodi video, kisha mhesabu picha kutoka kifua kinapopita alama ya pili mpaka ya tatu. Simu nyingi hurekodi picha 30 au 60 kwa sekunde, tumia 60, kisha gawanya idadi ya picha kwa 60 upate sekunde. Saa ya kubonyeza kwa kidole haifai hapa, kwa sababu kidole kikichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde tayari umekosea kwa zaidi ya asilimia 4, na asilimia 4 ndiyo tofauti kati ya kuwa tayari na kutokuwa. Simu ikae mahali palepale kila siku ili ujilinganishe na wewe mwenyewe.

Nikueleze kwa nini ninang'ang'ania saa. Niliwahi kumhudumia winga wa kushoto wa miaka 24 ambaye naye aliumia mara mbili mfululizo. Kwa bahati nzuri kabla ya msimu tulikuwa tumempima, na mita 20 akiwa tayari kwenye kasi alizipita kwa sekunde 2.28. Kuumia mara ya kwanza alirudi kwa kusema tu kwamba yuko vizuri, na mimi nikamkubalia bila kumpima. Alipoumia tena nilijilaumu, na safari hii tukapima kila mara. Wiki ya nne alikuja anacheka, akasema, "Dokta, leo nimemaliza kila kitu, hakuna kilichobaki." Video ikaonyesha 2.55. Hiyo ni asilimia 89 ya kasi yake. Hakuwa anadanganya, mwili wake ulikuwa unajizuia na yeye haoni, hatua ya mguu ulioumia ikiwa fupi kidogo kuliko ya mwingine. Angecheza Jumamosi ile, winga wa asilimia 89 angekutana na mpira wa asilimia 100. Ilituchukua siku 12 zaidi kushuka mpaka 2.31, na hapo ndipo nilipomruhusu kufanya mazoezi na wenzake. Alimaliza msimu.

Wewe hujapimwa kabla, kwa hiyo hatuna namba yako ya zamani. Tumia njia hii: endelea kupima, na muda wako mzuri ukiacha kushuka katika vipindi vitatu mfululizo, huku ukijitahidi kweli, chukua huo kuwa kasi yako ya sasa. Kisha mwulize mwenzako mliyekuwa mnakimbizana naye kabla hujaumia apite kwenye alama zilezile. Kama zamani mlikuwa sawa na sasa anakuacha kwa mbali, umejipa jibu.

Tuseme kasi yako ni sekunde 2.30. Wiki yako ya kwanza ya mbio isipite chini ya 3.3, yaani asilimia 70. Inayofuata ishuke mpaka 2.9, ambayo ni 80. Kutoka hapo kwenda 2.55, asilimia 90, nenda kwa subira: kila kipindi ongeza mwendo katika mbio mbili tu za mwisho, nyingine ziache pale zilipokuwa jana. Ukanda kati ya 80 na 95 ndio wenye hatari kubwa, na ndio ambao wachezaji huuruka kwa sababu ya mechi ya wikiendi. Ukisikia paja linakaza katikati ya mbio, kipindi kimeisha siku hiyo, hata kama ni mbio ya pili.

Huwezi kurudi mpaka haya yatimie. Kwanza, umepita 2.42 au chini yake, yaani asilimia 95, katika vipindi viwili tofauti, na kesho yake hukuamka na mkazo. Pili, ukilala chali kisigino kikiwa juu ya kiti na goti limekunjwa kidogo tu, unainua kiuno kwa mguu mmoja angalau mara 25, na mguu wa kulia haupishani sana na wa kushoto. Tatu, ukilala chali ukarusha mguu ulionyooka juu kwa haraka, mara tatu, huna maumivu na huna hata shaka ndani yako. Ile shaka ihesabu kama maumivu. Baada ya hapo fanya wiki nzima ya mazoezi kamili na timu, pamoja na krosi na kukimbizana na beki, ndipo uingie mechi kwa dakika 20 au 25, ya pili 45 hadi 60, na ya tatu ndiyo uanze. Kwa kuwa ni mara ya pili palepale, tegemea wiki sita au zaidi kabla ya dakika hizo za kwanza. Sindano ya kuzima maumivu ili ucheze Jumamosi usiikubali, kwani itanyamazisha kengele peke yake.

Kocha mwoneshe video na namba. Nimegundua kwamba kocha akiambiwa "bado kidogo" anasikia uoga wa mchezaji, lakini akiona 2.55 na akajua inatakiwa 2.42, anapanga kikosi chake bila kukulaumu. Mwambie pia kwamba kati ya wanaoumia tena, wengi wao wanaumia ndani ya miezi miwili ya kurudi. Kwa hiyo miezi miwili hiyo ni sehemu ya matibabu, hata kama jina lako liko kwenye kikosi.

Kuhusu kufika mwezi wa tano, nitakupa mambo mawili tu na nataka uyafanye yote.

La kwanza ni zoezi la kupiga magoti, ambalo wengi wanaliita la Nodiki. Piga magoti kwenye kitu laini, mwenzako akushike vifundo vya miguu kwa nguvu, mwili umenyooka kuanzia magotini mpaka kichwani, kisha jiachie uende mbele polepole kadiri unavyoweza kuzuia, mwishoni ujidake kwa mikono. Kosa la kawaida ni kukunja kiuno, makalio yakabaki nyuma; ukifanya hivyo mzigo unatoka pale unapotakiwa. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa Denmark wa timu 50 za soka. Timu zilizofanya zoezi hili zilipata majeraha mapya na ya kurudia ya nyuma ya paja 15, na zisizofanya zilipata 52. Majeraha yaliyopungua zaidi yalikuwa ya watu kama wewe, waliokwisha kuumia kabla. Waliofanya zoezi walianza na mara 5 kwa raundi mbili, siku moja tu katika wiki ya kwanza, wakapanda taratibu mpaka raundi tatu za mara 12, 10 na 8, siku tatu kwa wiki. Hayo ni ya maandalizi ya msimu. Katikati ya ligi, raundi mbili za mara 5, siku moja kwa wiki, zinatosha kushikilia ulichojenga. Liingize ukiwa tayari kwenye mbio za asilimia 80, na wiki ya kwanza tarajia maumivu ya kawaida ya misuli siku mbili.

Faida ya zoezi hili haikai. Ukiacha wiki chache, urefu ambao nyuzi za msuli zilikuwa zimeupata unaanza kurudi nyuma. Ndiyo maana ligi ikisimama, iwe ni kwa Kombe la Mapinduzi au mechi za timu ya taifa, na ninyi mkatawanyika nyumbani, usirudi ukiwa umelala tu. Mama au kaka yako anaweza kukushika vifundo sebuleni.

La pili ni kasi yenyewe. Kila wiki lazima msuli uonje asilimia 95 au zaidi, ukiwa hujachoka na umepasha vizuri, mara nne hadi sita, mita 20 za kasi kila moja, ukipumzika dakika mbili au tatu katikati. Mechi ikiwa Jumamosi, fanya Jumatano mwanzoni mwa mazoezi, halafu Nodiki mwishoni mwa kipindi hichohicho. Alhamisi iwe nyepesi. Siku ya kabla ya mechi, mbio mbili tatu za kupanda taratibu zinatosha. Makocha wengi wanafikiri mchezo wa nafasi ndogo, watano kwa watano, unatosha kwa mbio kwa sababu wachezaji wanatoka jasho sana. Katika eneo la mita 30 winga hana nafasi ya kufikia kasi yake. Anachomoka na kusimama tu.

Hapa kuna mtego mmoja ambao hukuuliza lakini utakukuta. Ukikaa benchi mechi tatu mfululizo, wiki tatu hizo hakuna aliyekudai kasi. Kisha mwenzako anapata kadi, mmesafiri kwa basi mpaka Mbeya, zaidi ya kilomita 800, na unaambiwa unaanza. Paja lililokuwa benchi linapewa kazi ya paja lililokuwa linacheza. Kwa hiyo kila mechi uliyokaa benchi au kuingia dakika za mwisho, baki uwanjani filimbi ikishapigwa, pasha tena, ukimbie mbio zako nne kabla ya kwenda kuoga. Mashabiki wakiwa wanatoka na taa zinakaribia kuzimwa utajiona unafanya jambo la ajabu peke yako. Mshawishi na winga mwenzako wa akiba mfanye pamoja, na mmoja amshikie mwingine simu.